Karatasi za KOLA

Mume wangu anaitwa Meneja, na cheo hicho hakupewa na mtu. Alijipachika mwenyewe siku tuliponunua mashine ya pili ya kufulia, na kwa kuwa duka letu zima lina watu watatu, yaani yeye, mimi na mama yake, hakukuwa na wa kumpinga. Mimi ndiye ninayefua, ninayepiga pasi na kubembeleza madoa. Mama mkwe anakaa kaunta, anapokea nguo na kutoa risiti. Meneja anawapelekea wateja nguo zao kwa pikipiki, na muda unaobaki anafikiri. Bahati mbaya muda unaobaki ni mwingi.

Safari hii alifikiri tuhame. Alikuwa ameona fremu ya duka inapangishwa pale stendi ya mabasi, juu ya duka la viatu, na tangu siku ile hakula chakula akakimaliza.

"Penye wengi pana mengi," aliniambia akiwa amesimama mlangoni kwangu, mahali ambapo mvuke wa pasi haumfikii. "Hapa kwenye uchochoro wetu wanapita watu wangapi? Wewe mwenyewe sema."

"Wanapita wenye nguo chafu," nikamjibu. "Wanatutosha."

"Kule wanapita maelfu."

"Wanapita, Meneja. Umelitamka mwenyewe."

Mimi sikuwa na ugomvi na stendi. Ugomvi wangu ulikuwa na zile ngazi. Nilikwenda kuiona hiyo fremu, na kuifikia unapanda ngazi za chuma zilizosimama wima, hata mimi nilishika ukuta. Mama magoti yake yamechoka. Anatoka nyumbani kwetu kwa fimbo yake, anapita milango minne, amefika kazini. Baba mkwe alipofariki, mama huyu alijifungia chumbani na mapazia yake, tukawa tunampelekea chakula na kukirudisha kama kilivyo. Siku moja akatokea dukani akasema atanishikia kaunta kidogo, mpaka nipate mtu. Huyo mtu sikumtafuta kamwe. Ile kaunta ndiyo iliyomrudisha duniani, na Meneja alilijua hilo kama ninavyolijua mimi. Ila mwanamume akishapenda fremu, macho yake huona pale anapotaka.

Tulibishana siku kadhaa. Mwishowe akasema mimi nabisha kwa moyo na yeye anataka ushahidi. Nikamwambia ulete. Kumbe alikuwa ameshauandaa. Alitoa mfukoni karatasi ya rangi ya njano, kipeperushi cha duka letu, yenye picha ya shati linalotabasamu. Shati lenye meno. Sitasema nililolifikiria.

"Sikiliza," akasema, na hapa lazima nimpe haki yake, maana mpango ulikuwa wa akili. "Tunagawa vipeperushi sehemu tatu. Karatasi ni ileile, picha ileile, punguzo lilelile la asilimia kumi na tano. Kila sehemu inapata mia tatu, na zote zinagawiwa wiki moja. Tofauti ni moja tu. Hapa chini pana neno. Za stendi zina neno KOLA. Za kule maghorofani unakokusifia wewe zina neno POVU. Mteja akija na karatasi yake, Mama anabonyeza neno hilo kwenye mashine ya risiti, punguzo linatoka, na mashine inakumbuka. Mwisho wa mwezi tunaiuliza ni neno gani limeleta watu. Hapo hakuna moyo wala maini."

"Na ya tatu?"

"Saluni ya dada yangu. Neno lake PASI. Nimempa ili asininunie."

Wifi yangu ana saluni mtaa wa pili, na akinuna hununa mpaka sikukuu. Nikaona ni busara.

Tukapatana hivi: KOLA ikishinda, tunahama, nami sifungui mdomo. KOLA ikishindwa, fremu ya stendi haitajwi tena nyumbani kwangu, hata kwa ishara. Mwenye fremu alikuwa amempa Meneja mpaka mwisho wa mwezi, kwa hiyo jibu lingekuja kwa wakati. Na tukapatana jambo moja zaidi, kwamba Mama asiambiwe habari ya kuhama. Kwa nini tumtie presha kwa jambo ambalo huenda lisitokee? Tulimwambia kwamba mimi na mume wangu tunashindana, yeye na stendi yake, mimi na maghorofa yangu, tuone nani anawajua watu.

Mama alicheka sana. "Haya, watoto. Mimi ndiye refa?"

"Wewe ndiye refa, Mama," Meneja akamwambia. Akamfundisha mashine: neno hili kitufe hiki, neno lile kitufe kile. Akamgongomea ubao wenye misumari mitatu, akasema kila karatasi inayoletwa ichomwe kwenye msumari wake, ili mtu asiitumie mara ya pili. Kisha akamwachia kipeperushi kimoja cha kuangalizia. Alikitoa kwenye mfuko wake mwenyewe, kwa hiyo kilikuwa cha KOLA. Mama akakibandika kwa gundi ya karatasi pembeni ya mashine ya risiti.

Kazi ikaanza. Meneja alisimama stendi asubuhi na jioni akigawa mashati yake yenye meno. Mimi nilipanda maghorofani, nikapenyeza karatasi chini ya milango mpaka mlinzi akaniuliza kama ninagombea uongozi. Wifi aliziweka zake mbele ya viti vya kukaushia nywele, pale mwanamke anapokaa kichwa kikiwa ndani ya drai, hawezi kuondoka wala kusikia umbea.

Wiki ya kwanza ilipoisha Meneja aliiuliza mashine, ikamjibu vizuri. KOLA ilikuwa mbele kwa mbali. Wiki ya pili ikawa mbele zaidi. Nyumbani kwangu pakawa hapakaliki. Mtu anapiga mluzi akioga. Mtu anamwuliza mkewe mbele ya watoto kama anajua maana ya neno takwimu. Niliinama kwenye pasi yangu nikanyamaza, maana ahadi ni deni, lakini kila nilipomsikia Mama kaunta akimwuliza mtu habari za mgonjwa wake, roho iliniuma. Nilikuwa naziona zile ngazi. Nilimwona amekaa tena chumbani na mapazia yake, nasi tunapita na sahani.

Aliyenizindua ni mwalimu mstaafu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Mzee huyu hutuletea suruali mbili kila wiki, zimekunjwa vizuri kuliko tunavyomrudishia. Alikuja kuulizia kifungo kilichopotea, akaniwekea risiti yake mezani, na macho yangu yakaangukia chini ya risiti: KOLA, asilimia kumi na tano.

"Mwalimu," nikasema, "ulikwenda stendi lini?"

"Stendi?" Alinitazama kama anayemtazama mwanafunzi aliyelala darasani. "Mimi? Kwa miguu ipi?"

"Na kipeperushi ulikipata wapi?"

"Kipeperushi gani, mwanangu?"

Nikamtafutia kifungo chake, nikamsindikiza mlangoni, kisha nikaenda kuutazama ubao wa misumari. Mchana ule Mama alikuwa amesinzia kidogo. Msumari wa PASI ulikuwa umejaa, karatasi zimevimba kama kitumbua. Msumari wa POVU ulikuwa na chache. Msumari wa KOLA, mshindi wetu, aliyempigisha mume wangu mluzi bafuni, ulikuwa na karatasi tano. Nilizihesabu tena kwa kidole. Tano. Na mashine ilikuwa ikidai kwamba KOLA imeletwa mara sabini na moja.

Nilileta kiti changu na kikapu cha soksi za kulinganisha, nikakaa karibu na kaunta, nikatega sikio.

Haukupita muda akaingia muuza magazeti na mashuka yake. Mama akampokea, wakasalimiana mpaka salamu zikaota mizizi. Kisha Mama akauliza, "Karatasi unayo?"

"Karatasi gani, Bibi?"

"Ya punguzo. Ya njano. Huna? Basi usijali." Akainamia kile kipeperushi kilichobandikwa pembeni, akasoma neno herufi kwa herufi, akabonyeza KOLA. "Haya, umepunguziwa. Msalimie mama watoto."

Akaja fundi wa redio. Ikawa vilevile. Akaja mwanamke mmoja mwenye karatasi halisi kutoka saluni, na huyo Mama akambonyezea PASI kwa uaminifu wote, akaichoma karatasi kwenye msumari wake. Akaja dereva asiye na karatasi, naye akawa mtu wa KOLA bila kujijua.

"Mama," nikasema pole pole, "hawa wasio na karatasi mbona unawapa?"

"Sasa binti yangu, huyu apunguziwe na yule asipunguziwe, wote wakiwa wamesimama hapahapa? Ni aibu. Huyu wa magazeti namjua tangu hajaota ndevu."

"Na mbona unawapa KOLA tu?"

Hapo akatazama pembeni. Akaupanga upya ubao wa misumari ambao haukuwa na kosa lolote.

"Wewe una akili nyingi, kushindwa hakukuumizi," akasema. "Lakini yule mwanangu namjua. Tangu utoto wake hajawahi kushinda kitu, hata bao alikuwa akifungwa na dada yake. Niliposikia mnashindana, nikasema, nimsukume kidogo. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Usimwambie."

Nilimwona mama wa watu, siku baada ya siku, akiinama na kusoma herufi nne kwa macho yake mabovu, na kila alipobonyeza alikuwa akijitoa mwenyewe kwenye kiti chake, bila kujua, kwa mapenzi.

Meneja aliporudi na pikipiki nilimvuta chumba cha mashine, nikafunga mlango. Nilimweleza yote. Mwanzoni alibisha, kisha akaenda kuchungulia msumari, akarudi akiwa amekwisha.

"Tano," akasema.

"Tano kati ya mia tatu. Zangu za maghorofani ni tisa, kwa hiyo na mimi nisijisifu, nimechoka miguu bure. Za dada yako ni ishirini na sita. Amekaa tu, hakugawa hata moja kwa mkono, na karibu kila karatasi kumi na mbili moja imeleta mtu."

"Dada yangu," akasema kwa uchungu.

"Kwenye bao na kwenye hili pia, mume wangu."

Akakaa juu ya kapu la mashuka. Kisha, kwa kuwa si mjinga hata anapotaka kuonekana hivyo, akainua kidole. "Ngoja. Hizi karatasi zimepima kama mtu wa stendi atatoka kule aje huku. Hazikupima kama angekuja duka likiwa kulekule. Ni vitu viwili."

Alikuwa sahihi, na nilimwambia. Karatasi inajibu swali ulilouliza, haijibu lile ulilolificha.

"Basi hatujui," akasema.

"Hatujui. Lakini yupo mtu ambaye hajaulizwa kabisa."

Alielewa mara moja. Ndiyo maana bado ninaishi naye. Alikaa pale akisikiliza mashine ikizungusha nguo za watu, akifuta viganja vyake kwenye suruali. Kisha akatoka, nami nyuma yake, akaenda kusimama mbele ya kaunta, upande wa wateja.

"Mama," akasema. "Yale mashindano hayakuwa mashindano. Nilitaka kuhamisha duka. Stendi, juu ya duka la viatu. KOLA ikishinda tunahama."

Mama alimtazama. "Juu kwa ngazi?"

"Kwa ngazi."

"Na mimi?"

Meneja alifungua mdomo. Alikuwa na maneno juu ya maelfu ya watu, juu ya kukua, juu ya mwenye fremu. Hakutoa hata moja. Akasema, "Sikufika huko, Mama. Sikufikiria mpaka huko." Ulikuwa ukweli, na ulikuwa mbaya kuliko uongo wowote.

Mama aliigeukia mashine ya risiti. Akakibandua kile kipeperushi cha njano, taratibu, kona moja baada ya nyingine, kama anayemvua mtoto bandeji.

"Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe," akasema. "Nikakupa. Sikujua ninayekatwa ni mimi."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ingekuwa nafuu. Meneja aliinamisha kichwa juu ya kaunta, mtu mzima mwenye ndevu, na mimi nikageukia soksi zangu kwa sababu machozi ya mwanamume mbele ya mama yake si ya kutazamwa na mke.

Kisha Mama, ambaye hawezi kumwona mtu ameinama bila kumwuliza kama amekula, akamgusa bega.

"Hebu niambie. Hao niliowaharibia hesabu ni wangapi?"

"Karibu sabini," Meneja akasema huku akivuta kamasi.

"Karibu sabini." Akatikisa kichwa. "Nimeharibu kweli. Basi wafute hao, maana hawakuja kwa karatasi yoyote. Mwalimu, muuza magazeti, fundi redio, yule dada wa mapacha anayeleta mapazia ambayo si machafu, ili aje anieleze habari za mumewe. Hao hawahesabiki."

Meneja akainua uso. Nilimwona akifikiri, na kwa mara ya kwanza mwezi ule sikuogopa.

"Walikuja kwa nini, Mama?" akauliza. "Kama si kwa karatasi."

"Kufua."

"Madobi wapo kila kona. Yule wa barabarani ni rahisi kuliko sisi hata tukipunguza."

"Basi mimi sijui," Mama akasema. "Mkeo anapiga pasi vizuri."

Napiga pasi vizuri, sikatai. Lakini hakuna mtu aliyewahi kuniletea mapazia safi ili anitazame nikipiga pasi. Meneja alinitazama, nami nikamtazama. Kwa wiki tatu alikuwa akipima ni wapi wateja wanatoka, na wengi kuliko wote walikuwa wanamfuata mama yake. Hata zile ishirini na sita za saluni, mtu aliletwa na karatasi mara moja. Kuja mara ya pili kulikuwa juu ya Mama.

Mume wangu akatoka nje kumpigia simu mwenye fremu. Tulimsikia kupitia dirishani, maana Meneja huongea na simu kama mtu ambaye mtandao wake umekatika. "Ndiyo, mzee. Hapana, si bei. Mpe mtu mwingine. Hapana, mzee, bei ni nzuri. Ni ngazi zako." Akakohoa. "Nina mtu hapa hawezi kuzipanda, na bila yeye hakuna duka."

Mama aliuchukua ubao wa misumari, akauweka chini ya kaunta, akautoa tena, akauweka palepale. Kisha akaniomba nimletee maji ya kunywa. Niliporudi na glasi nilimkuta amejifunika uso kwa taulo, mabega yanatikisika, na nikajua ni kilio, tena si cha huzuni tu. Lilikuwa taulo la mteja, tena limeshapigwa pasi na kukunjwa, tayari kuchukuliwa. Nilingoja amalize, nikampa maji yake, nikalichukua taulo nikalirudisha kwenye mashine.